Anastaafu na kufunga stoo, nimuageje mzee aliyetuuzia ngozi miaka yote?

Anti shikamoo. Nina karakana ndogo, tunashona mikanda na mabegi ya ngozi. Ngozi yote tunanunua kwa mzee mmoja tangu biashara ikiwa bado ya mama, mimi nimeikuta hivohivo na sijawahi kutafuta kwingine. Sasa wiki iliyopita nimeenda kuchukua mzigo akaniambia anastaafu, mwisho wa mwezi ujao anafunga stoo kabisa, haiuzi kwa mtu na watoto wake wana kazi zao. Nikamwambia tu hongera mzee nikapakia nikaondoka, lakini moyoni imeniuma sana.

Nataka kumuaga vizuri ila mambo yamechanganyikana. Kuna deni la mizigo 2 sijamaliza. Kuna visu vyangu vya kukatia vipande, vile vya chuma vyenye umbo, viko kwake kwa sababu kijana wake ndo anatukatia kwa mashine. Na ukweli sijui ngozi kama ile nitaipata wapi. Naogopa nikianza kuuliza hayo ataona nimekuja kutafuta maslahi yangu tu wakati mwenzangu anaondoka. Mume wangu anasema nimpigie simu niseme asante yaishe. Nimpe nini, niandike nini, nianze na lipi?

Marahaba mwanangu.

Anza na deni, tena wiki hii. Najua unaona hela na kuaga ni vitu viwili havikai pamoja, ila jiweke upande wake kidogo: mtu anayefunga biashara ana wafanyakazi wa kuwalipa haki zao, ana watu waliokuwa wanamletea mzigo wanamdai, ana mwenye jengo, ana mafaili ya kodi ya kufunga, na vyote hivyo anavilipa kutoka kwenye hela ambazo bado ziko mikononi mwa wateja kama wewe. Na kadri siku ya kufunga inavyokaribia ndo wateja wanavyozidi kuwa wazito kulipa, maana kila mmoja anajua huyu hatanihitaji tena wala mimi simhitaji tena. Nimekaa miaka mingi kwenye ofisi ya manunuzi, wazee wa namna hii nimewaona wakizunguka na daftari kudai miezi kadhaa baada ya kufunga, mtu alitakiwa awe nyumbani amepumzika. Wewe uwe yule ambaye jina lake limepigwa mstari mapema. Hiyo ataikumbuka kabla hata ya barua.

Lakini usilipe kile unachofikiri unadaiwa. Mwombe stetimenti, karatasi inayoonyesha kila mzigo na kila malipo, afu kaa nayo na delivari noti zako uzipitie moja moja. Tofauti huwa zinajificha sehemu zilezile, mzigo uliorudishwa ambao haukuandikwa, na malipo uliyotoa nusunusu. Tuseme stetimenti inasema ulichukua ngozi 40, wewe ukihesabu delivari unapata 40 kweli, ila unakumbuka 3 ulizirudisha kwa sababu zilikuwa na makovu mgongoni na akazipokea kijana wa stoo. Kama hakuna karatasi ya kupunguza deni iliyoandikwa siku ile, kwenye vitabu vya mzee bado unadaiwa 40, na hana kosa, hajui. Mwambie sasa hivi akiwa na vitabu mezani na kijana yupo wa kuulizwa. Ukisubiri akishafunga, kijana keshaenda kutafuta kazi kwingine, vitabu viko kwenye maboksi, na mtabaki nyinyi wawili kila mtu na kumbukumbu yake, na ndo hapo watu waliopendana miaka yote wanapoachana kwa kinyongo cha ngozi 3.

Mkishakubaliana hesabu lipa yote, afu omba karatasi moja fupi yenye saini zenu wote inayosema mpaka tarehe fulani hakuna anayemdai mwenzake. Omba pia nakala za invoisi ambazo zimekupotea, kwa sababu watu wa kodi wanaweza kuja kukagua vitabu vyako vya miaka ya nyuma na wakati huo hakutakuwa na stoo ya kwenda kuomba wachapishe upya. Na usiombe punguzo. Wapo wanaofanya hivo, ah mzee si unafunga tu nipunguzie, yaani ni kumwambia mtu kwamba kazi yake imeshuka bei siku aliyoamua kupumzika. Akipunguza mwenyewe pokea ushukuru.

Kitu kingine, usibaki na malipo ya mzigo wa mwisho eti mpaka uone kama ngozi ni nzima. Zikunjue palepale stoo siku ya kuchukua, zipitishe mkono, ziangalie upande wa juu na upande wa nyama, yenye shida itoe hapohapo. Mwisho wa biashara hakuna cha kurudisha wiki ijayo.

Visu vyako usione aibu kabisa kuvidai. Umeviacha kwake kama amana, na mtu muungwana anayefunga anapata amani kila anaporudisha kitu cha watu, anayemkosesha usingizi ni yule mteja ambaye vitu vyake vimebaki na simu hapokei. Tatizo ni muda. Siku za mwisho stoo inasafishwa, mara nyingi anakuja mnunuzi wa chuma chakavu anachukua mashelfu, meza, mashine mbovu, na kisu cha umbo ukikiona kwa mbali kimelala kwenye kona na vumbi lake kinafanana kabisa na chuma chakavu. Hajakuibia mtu, kimeenda tu na vingine. Kwa hiyo andika orodha kabla hujaenda, kisu cha ncha ya mkanda, cha mfuniko wa begi, cha pembe, vyote, mpelekee yule kijana avitoe mkiwa pamoja. Angalia makali kama hayajapinda, kiweke juu ya meza tambarare makali yakiwa chini uone kama kuna mwanga unapita, pakipita mwanga pale hapatakata vizuri na fundi mpya atakusumbua akisema ni ngozi. Vipake mafuta mepesi ya mashine, vifunge kwenye kitambaa kikavu, andika jina kila kimoja.

Sasa hili la ngozi ndo unaloliogopa zaidi, na mimi naona ndo lenye heshima kubwa kuliko yote kama ukilifanya vizuri. Mzee ambaye kazi yake yote ilikuwa kuchagua ngozi, leo watoto hawaitaki, stoo inafungwa, alichonacho kichwani kinaondoka hivihivi. Akija mtu akakaa chini akamwambia mzee naomba unifundishe unavyochagua kabla hujaondoka, huyo hajaja kutafuta maslahi, huyo ndo mtu pekee aliyeuliza. Kinachoudhi ni kumpigia simu anapakia vitu vyake ukamuuliza nitanunua wapi sasa. Nenda kwa miadi, saa ambayo stoo imetulia, na usiende mikono mitupu, beba mkanda mmoja na begi moja mlizotengeneza kwa ngozi yake, beba na vipande vilivyobaki mezani.

Muulize kila ngozi ni ya mnyama gani, imetengenezwaje, kwa magome ya miti au kwa dawa ya kromu, unene wake, na hasa inakatwa kutoka sehemu gani. Hapa kwenye sehemu ndo panatofautisha mwuzaji na mwuzaji. Mkanda unataka ngozi ya mgongoni, kama milimita 3.5 mpaka 4, kwa sababu nyuzi za mgongoni zimebana na hazivutiki, ukikata mkanda huohuo kutoka tumboni utaonekana mzuri tu dukani lakini baada ya miezi umerefuka na matundu yamekuwa marefu kama macho. Inawezekana kabisa mzee wako miaka yote alikuwa anawatolea nyinyi migongo na matumbo anawapa watu wa bitana, bila kuwaambia, kwa sababu alijua mnafanya nini. Mwuzaji mpya hajui, atakupa ngozi kwa mita au futi za mraba, na tumbo litakuwa limo ndani ya hizo futi.

Mwombe akuonyeshe kwa mikono anavyopima. Kuna vitu vitatu ambavyo hata mimi nisiye fundi nilionyeshwa na nimevitumia. Kata kidogo pembeni uangalie ule mkato, ngozi ya magome huwa kahawia mpaka ndani, ya kromu mara nyingi katikati ina rangi ya kijivu au samawati iliyopauka. Dondoshea tone la maji upande wa juu kama haijapakwa rangi nzito, ya magome inanywa na pale panakuwa peusi haraka. Na kama una kipande cha kupoteza kitumbukize kwenye maji yanayochemka, ya magome inajikunja na kuwa ngumu, ya kromu nzuri inavumilia. Hivyo vitakusaidia siku mtu akikwambia hii ni ileile ya mzee. Ila jicho la mzee linaona zaidi ya hapo, anaikunja ngozi uso ukiwa ndani anaangalia mikunjo, ikiwa midogo inayokaa karibukaribu ameridhika, ikifanya mikunjo mikubwa iliyolegea kama uso umeachana na mwili anaiweka pembeni. Hilo huwezi kulipata kwa simu, lazima ushike mwenyewe na yeye yupo, akwambie hii ndiyo na hii siyo mpaka mkono wako uzoee.

Mkimaliza kata vipande viwiliviwili vya kila aina, upana wa kiganja, nyuma yake uandike maelezo yote aliyokwambia. Kimoja kinakaa kwako kwenye boksi lenye giza, maana ngozi ya magome ikikaa kwenye mwanga inabadilika rangi na baada ya mwaka utakuwa unamwonyesha mtu rangi ambayo haikuwepo. Kingine ndo cha kutembea nacho kwa wauzaji wapya.

Kuhusu alikuwa ananunua wapi, muulize mara moja tu. Akikupa jina, muulize pia kama atakubali useme ni yeye kakutuma, au kama anaweza kukupigia simu ya kukutambulisha, simu moja ya mzee kama huyu inafungua mlango ambao wewe ungeusukuma mwaka mzima. Akisita, achana nalo. Anaweza kuwa na makubaliano na watu wake ambayo wewe huyajui.

Na oda ya mwisho. Najua kuna sauti inakwambia chukua ngozi zote zilizobaki. Piga hesabu kwanza. Kama karakana inakula ngozi 6 kwa mwezi, na kumpata mwuzaji mpya, kuchukua sampuli, kushona za majaribio na kuzivaa uone zinavyokaa kutakuchukua kama miezi 3, basi unahitaji 18 na ongezeko la 4 au 5 za dharura. Zaidi ya hapo unafunga hela yako kwenye stoo. Ngozi inakaa muda mrefu ikitunzwa, izungushe kwa ulegevu uso ukiwa nje, ifunike kwa kitambaa au karatasi, mahali pakavu penye hewa na isiguse sakafu. Usiifunge na nailoni, inatoa ukungu. Gundi na rangi zake usinunue nyingi hata akikuuzia vizuri kiasi gani, gundi ya ngozi ina muda wake na kopo likishafunguliwa ndo kabisa. Ukimwambia akuwekee mzigo ulipie hapohapo, ana wateja wengine wanaotaka kilekile na hana sababu ya kuwakatalia kwa ajili ya ahadi.

Hayo yote yaishe kabla ya siku ya kuaga. Usiyachanganye. Siku ya kuaga uende huna deni, huna swali, huna kitu cha kuchukua, na ataliona hilo ukiingia tu mlangoni kwa sababu kwa miaka yote hujawahi kuingia pale bila kutaka kitu. Mume wako asikasirike, simu itumike kupanga hiyo siku tu. Wala isiwe siku yenyewe ya kufunga, siku ile kuna magari ya kupakia, kuna mtu anakagua jengo, kuna wanaogombania mashelfu, mzee anaitwa kila upande na hata ukiongea maneno mazuri vipi atakujibu huku anatafuta funguo. Nenda wiki moja au siku kumi kabla, jioni anapokaribia kufunga.

Na umesema biashara ilikuwa ya mama yako. Kama mama yupo na ana nguvu, nenda naye. Yule mzee alianza na mama, wewe alikuona ukija baadaye, kuna mambo ya miaka ile wanayajua wao wawili tu na watayaongea wenyewe wewe ukae kimya usikilize. Kama mama hawezi kutoka aandike mistari miwili kwa mkono wake. Kama hayupo tena mtaje kwenye barua. Chukua na fundi wako mmoja, yule anayekata, maana kuna mafundi wamefanya kazi na mali ya mtu miaka yote hawajawahi kumwona uso.

Barua iandike kwenye karatasi. Meseji ataisoma, atafurahi, na wiki ijayo itakuwa imezama chini ya meseji nyingine mia. Karatasi itakaa nyumbani, wajukuu wataikuta. Na wengi barua zao zinaharibika kwa sababu wanaandika sifa ambazo unaweza kumwandikia yeyote, ulikuwa mwaminifu, ulikuwa mchapakazi, tutakukumbuka daima. Zote kweli, ila hazimwonyeshi kwamba ulikuwa unaona. Andika kitu alichokifanya, siku gani au kipindi gani, na kilichotokea kwako kwa sababu ya hicho kitu. Kama kuna wakati alikupa mzigo kabla hujalipa, au alikukatalia ngozi uliyotaka kwa sababu haikufaa, hizo ndo za kuandika. Mimi siyajui ya kwenu, nakuandikia mfano uone inavyokaa, ubadilishe kila mstari uwe wa kweli:

"Mzee wangu, shikamoo. Nimeona nikuandikie kwa sababu siku ile uliyoniambia unapumzika sikusema nilichotaka kusema. Mama alipoanza na meza moja ulimkatia ngozi nusu wakati wengine walikuwa wanauza nzima tu, na kwa hiyo nusu akaweza kupata oda ya kwanza. Mimi nilipochukua nafasi yake nilikuja na haraka nikataka ngozi nyembamba ya bei rahisi kwa ajili ya mikanda, ukanikatalia, ukaniambia hii itakurudishia wateja wakiwa na hasira. Niliondoka nimenuna. Mikanda ile tuliyoshona kwa ngozi uliyonichagulia bado watu wanaivaa. Fundi wetu anasema akifungua mzigo wako haangalii mara mbili. Asante kwa miaka yote, kutoka kwangu, kwa mama na kwa mafundi wote. Hatudaiani kitu, ila shukrani hii nitaendelea kuwa nayo."

Umeona ilivyo fupi, inaingia ukurasa mmoja na bado inabaki nafasi ya mafundi kusaini majina yao. Usiandike eti hatujui tutaishije bila wewe, hata kama ndo unavyohisi, maana ameshaamua na maneno hayo yanamwachia mzigo wa kuondoka huku anaona amewaangusha watu. Usiandike kuhusu uzee wala afya yake, hukuambiwa anafunga kwa sababu gani, amekwambia anastaafu basi ni hivyo. Usimwombe abadilishe mawazo hata kwa utani. Na isiwe na ombi lolote ndani, hata lile dogo la naomba namba ya fulani. Ombi moja likiingia, barua yote inasomeka kama ilikuwa inaelekea pale.

Zawadi, usinunue. Wewe una karakana. Mshonee mkanda kwa ngozi yake mwenyewe, kutoka kwenye ule mzigo wa mwisho. Watu wa biashara hii wanauza ngozi miaka na miaka na hawana hata kitu kimoja kilichoshonwa na wateja wao. Ila uwe saizi yake kweli, na hapo wengi wanakosea kwa kupima urefu wa mkanda wote. Ongea na mtu wa nyumbani kwake au yule kijana wa stoo, mpate mkanda anaouvaa sasa, muupime kutoka pale mwisho wa bizimu ngozi inapojikunja mpaka kwenye tundu analolitumia, utaliona, limeachia alama. Hicho kipimo ndo kiwe tundu la katikati la mkanda mpya. Toboa matundu 5, yaachane sentimita 2.5, ili akinenepa akiwa nyumbani au akipungua bado uwe wake. Ndani, upande usioonekana, fundi agonge jina la karakana na mwaka. Jina lake msiligonge nje, mkanda utakuwa kikombe cha mashindano na atautundika badala ya kuuvaa.

Msimsahau yule kijana anayewakatia. Huyo hastaafu, huyo anapoteza kazi, na katika shamrashamra zote za mzee mara nyingi hakuna anayemuuliza yeye anaenda wapi. Kama una nafasi ya kumwajiri, au hata kumpa kazi ya kukata siku mbili kwa wiki, mwambie mzee kwanza kabla hujamwambia kijana, kwa sababu mpaka siku ya mwisho ni mtu wake na anamhitaji kumalizia kazi. Nadhani atafurahi sana, wazee wengi wanaofunga kinachowaumiza ni hao vijana. Kama huna nafasi, mwandikie barua ya kumtambulisha useme amekukatia vipande kwa muda gani na kwa mashine gani, karatasi hiyo kutoka kwa mteja ina nguvu kuliko ya bosi wake aliyefunga.

Muulize pia mzee kashawaambia kina nani. Amekwambia wewe mapema labda kwa sababu ya ukaribu, kuna wateja wengine hawajui bado na pengine anataka awaambie mwenyewe, au kuna wanaomdai wakisikia atakoseshwa utulivu. Usitangaze, usimuwekee picha ya kwaheri popote mpaka akuruhusu.

Na kwenye vitabu vyako, akishafunga, funga akaunti yake. Hii naisema kwa sababu nimeiona: biashara inafungwa, baadaye inakuja meseji kwa mteja wa zamani kwamba kuna salio limebaki, lipa kwenye namba hii mpya, na mhasibu analipa kwa sababu jina analifahamu. Ile karatasi ya hakuna anayedai ndo itakulinda, na likitokea lolote mpigie mzee kwa namba yake ya zamani umsikie sauti.

Hiyo namba yenyewe uhakikishe unayo ya nyumbani, siyo ya stoo, ya stoo itakatwa. Kabla ya siku ya kuaga muulize kwa mdomo kama unaruhusiwa kumpigia ukikwama kwenye ngozi. Wengine wanapenda, wengine wanataka kupumzika kweli, na akisema subiri kidogo subiri. Baada ya kama mwezi mpigie bila shida yoyote, muulize habari za nyumbani, mwambie visu viko salama na kijana anaendeleaje. Najua atakuuliza mwenyewe ngozi mpya unapata wapi na ikoje. Mwambie ukweli, hata kama bado haijafika ile yake.